Upepo Chini ya Nywele

Watu wenye nywele nyembamba zilizonyooka ni wachache sana Kasongo. Ukiwaona, ni wa zile familia za Kiislamu za mjini, ambamo damu ya wafanyabiashara Waarabu wa zamani huruka kizazi kimoja na kutokea kwenye kingine. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana nywele za kusuka, mwingine zake zinateleza kwenye vidole kama maji. Mimi ni mtoto wa wakulima Wakristo, kwetu hakuna kichwa cha namna hiyo. Nilijifunza kuzishika Bukavu, nilipofanya kazi kwa mama mmoja aliyekuwa na saluni ya wake wa Wahindi na Wazungu wa mashirika. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nywele laini hazitawaliwi kwa nguvu, zinatawaliwa kwa upepo.

Niliporudi nyumbani na kufungua saluni karibu na soko, kazi yangu ilikuwa mabutu, rasta na kunyoosha kwa dawa. Mashine ya kukausha kwa mkono, ile tunayoiita seshwari, ilikaa kwenye ndoano. Iliamka tu pale alipokuja msichana mmoja na mama yake, muuza vitambaa sokoni. Msichana huyo ndiye nitakayemsimulia. Nywele zake zilikuwa nyeusi, ndefu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na zililala juu ya fuvu kama zimepigwa pasi. Alilichukia jambo hilo.

"Yaya, nipandishie kidogo," alikuwa akiniambia, akiniita dada mkubwa. "Nikivua fulari ya kichwa, nionekane niko na kichwa."

Nilikuwa nampandishia. Kisha akaolewa na mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, akaondoka na masanduku yake juu ya moto, yaani pikipiki, nne zilizofuatana, na seshwari ikarudi kwenye ndoano. Mama yake aliendelea kupita mlangoni pangu akienda sokoni. Mwanzoni alinipa salamu kutoka kwa binti. Baadaye salamu zikawa chache. Mwisho akawa anasema tu, "Simu yake haipiti," na kuharakisha miguu.

Siku moja akaja motari, dereva wa moto, aliyekuwa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alisema ametumwa na bosi wa Salamabila. Muke wa bosi ana kazi ya nywele, nichukue vyombo vyangu vyote twende. Harusi ya mtoto wa dada yake bosi ilikuwa inakaribia, hapa hapa Kasongo, na bosi alitaka muke wake aje akiwa tayari.

"Kama sherehe ni hapa, juu ya nini nimufuate kule?" niliuliza.

Motari akatazama pembeni. "Mama, mimi nimetumwa tu."

Nilikwenda. Njia ile ni ya kukaza moyo: udongo mwekundu, madaraja ya miti miwili, vijana wenye bunduki wanaokaa kivulini na kuutazama mfuko wako bila kusema neno. Tulipitia Wamaza, tukapumzika kidogo penye wanawake wanaouza ndizi, kisha tukaingia upande wa machimbo, ambako hata majani ya miti yana rangi ya udongo. Nilikuwa nimeifunga seshwari kwenye vitenge viwili na kuikumbatia tumboni kama mtoto mchanga.

Nyumba ya bosi ilikuwa ya matofali, bati jipya, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Yeye mwenyewe alinipokea kwenye lango. Alikuwa mtu mwenye sauti ya chini, nguo safi sana. Alinishukuru kwa safari, akaniletea maji kwa mkono wake. Namwogopa zaidi mtu wa namna hiyo leo kuliko nilivyomwogopa siku ile.

"Dawa ya kichwa ilimuharibu," alinieleza kabla sijaiona sura ya muke wake. "Alijipaka dawa ya kunyoosha, ikamuchoma. Pale sherehe, ba-mama watavua fulari. Mama yangu atakuwepo, dada zangu watakuwepo. Sitaki waone kitu. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Lakini akili yangu ilikuwa imekwama hapo. Mwenye nywele zilizonyooka tangu kuzaliwa, dawa ya kunyoosha anajipaka ya nini?

Muke, yule msichana wangu wa zamani, alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwa dirisha. Alikuwa amekonda. Aliponiona alitabasamu kwa midomo tu, kisha macho yake yakaenda kwa mume wake kuuliza kama kutabasamu kunaruhusiwa. Mume akakaa kwenye kiti cha ngozi karibu na mlango, akatoa simu yake. Nilingoja atoke, kama wanaume wanavyotoka wanawake wakitengenezana nywele. Hakutoka.

Nilimvua muke fulari. Juu ya utosi, kidogo upande wa kushoto, palikuwa na uwazi wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nimeona vichwa vingi vilivyochomwa na dawa. Dawa huacha ngozi iliyobabuka, inayotambaa bila mpaka, na mara nyingi hula pia ukingo wa masikio na shingo. Hapa ngozi ilikuwa nzima. Kulikuwa na vidoti vidogo vya damu iliyokauka, kimoja kimoja, kila kimoja mahali ambapo unywele ulikuwa umekaa. Na pembeni, nywele zilizokatika nusu, hazina urefu mmoja. Nywele zile zilikuwa zimeng'olewa kwa mkono.

 Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na mafuta ya kulainisha nikayapaka kwenye ncha tu, kwa sababu nywele laini ukizipaka mafuta kwenye mizizi unazizika. Nilizikausha kwa taulo kwa kubonyeza, bila kusugua. Nilizungukia ule uwazi kama mtu anayezunguka kaburi. Alishika kingo za kiti.

Kisha nikaomba umeme.

Grupe, jenereta ya nyumba ile, ilikuwa ndogo, ya kuwasha taa, televisheni na friji. Nilijua haitaibeba seshwari kwenye moto wote. Waya ulio ndani ya mashine ndio unaokula umeme. Upepo wenyewe unakula kidogo sana. Kwa hiyo nikaweka kitufe cha upepo juu kabisa na kitufe cha moto chini. Mashine ikanguruma, hewa ikatoka nyingi lakini ya vuguvugu tu.

"Hiyo haina moto," mume alisema kwa sauti kubwa ili nimsikie. "Weka moto mukubwa, ukaushe mbio."

"Bosi, nikiweka moto mukubwa, grupe itazima. Na hizi nywele ni nyembamba, moto mukubwa unazivunja. Na pale penye kidonda utamuunguza. Upepo mwingi na moto kidogo, inachukua muda, lakini nywele zinabaki."

Alirudi kwenye simu yake.

Nilimwinamisha muke kichwa mbele mpaka nywele zikaning'inia kuelekea sakafuni, nikapeleka hewa kwenye mizizi ili isilale ikiwa mibichi. Sura yake ikafichwa na pazia la nywele. Na ndani ya pazia lile, chini ya mngurumo wa mashine, nikasikia sauti yake.

"Yaya. Usizime."

Mkono wangu haukusimama. Niliendelea kuutikisa huku na huku, kama inavyotakiwa, hewa isikae mahali pamoja.

"Ananishika hapa," alisema kwa sakafu. "Hapa juu. Ananivuta toka chumba mpaka chumba. Ile siku nilikuwa nasema na mama kwenye simu."

"Mama yako anajua?"

"Simu alivunja. Hajui kitu. Anataka tuende harusini moja kwa moja kwa mama yake, turudi siku ile ile. Kwetu sitafika."

Nilipunguza upepo ili nibadilishe burashi. Mngurumo ukashuka, naye akanyamaza pale pale, katikati ya neno. Nikaelewa jinsi alivyokuwa akiishi katika nyumba ile, akipima kila sauti kabla ya kufungua kinywa. Nikarudisha upepo juu.

"Munasema nini?" mume aliuliza.

"Namuuliza kama hewa inamuchoma."

"Inamuchoma?"

"Hapana, bosi. Anasema iko muzuri."

Zile nywele zilikauka taratibu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliombea ziendelee kubaki na unyevu. Kila fungu lilipokaribia kukauka nilihamia lingine. Aliniambia mengine ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu ni yake. Nitaandika tu kwamba mtu yule hakuwahi kupandisha sauti, hata alipokuwa akimfanyia hayo.

Nywele zilipobakiza unyevu kidogo tu, nikavisha mashine mdomo wake mwembamba na kuanza kazi yenyewe. Niligawa njia ya nywele upande wa kulia. Nilichukua fungu moja moja karibu na utosi, nikaliinua juu na burashi ya mviringo, nikalivuta upande wa kulia, yaani kinyume cha mahali nilipotaka lilale. Hewa nikaielekeza kwenye mzizi kutoka chini, kisha ikasafiri na unywele kuelekea ncha, kwa sababu ukipuliza kutoka ncha kuja mzizini unazichafua na kuzitimua. Fungu lilipokuwa moto na kavu, nikabonyeza kitufe cha baridi na kulishikilia pale pale hewani mpaka likapoa. Hiyo ndiyo siri ambayo watu wengi hawana subira nayo. Unywele unakumbuka namna ulivyokuwa wakati wa kupoa. Ukiuachia ukiwa bado moto, unaanguka na kusahau kila kitu.

Nilipoachia, nywele zilirudi upande wa kushoto zikiwa zimesimama kwenye mizizi kama upinde, na uwazi ukatoweka chini yake. Mume alikuja, akamzunguka muke wake kama mtu anayekagua gari. Akainama, akatazama utosini kwa karibu.

"Haionekane," alisema. Alifurahi. Aliweka mkono wake juu ya kichwa kile, polepole, na nikaona muke akifumba macho na mabega yake yakipanda kufikia masikio.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na sikuwa na muda wa kulipima.

"Bosi, kuna jambo moja," nilisema. "Hii kazi haitafika Kasongo."

Mkono wake ulibaki pale pale. "Haitafika namna gani?"

"Kichwa kitatoka jasho chini ya fulari. Njia ni ndefu. Jasho likiingia kwenye mizizi, nywele zinalala tena, na uwazi utaonekana. Ukitaka, tujaribu. Avae fulari, akae juani muda wa kupika chai."

Nilisema ukweli mtupu. Nywele laini zinasimama kwa ukavu tu, na maji kidogo yanatosha kuziangusha. Lakini ukweli ule niliusema nikiwa na nia nyingine. Alitaka kuhakikisha. Alimfunga muke fulari kwa mkono wake mwenyewe, akaikaza, akamkalisha uani juani. Tulikunywa chai sebuleni, yeye na mimi. Aliniuliza kuhusu watoto wangu, wanasoma wapi, wanapita njia gani wakienda shule. Nilijibu kwa maneno mafupi.

Alipomrudisha na kumvua fulari, nywele zilikuwa zimelala. Uwazi ulichungulia kati yake, mwekundu.

 Alimtazama muke wake kama vile yeye ndiye aliyezilaza kwa makusudi. Muke alirudi hatua moja.

"Si kosa lake," niliwahi kusema. "Ni nywele za kuzaliwa. Dawa yake ni kuzifanya asubuhi ile ile ya sherehe, kwangu, Kasongo. Kule niko na umeme wa kutosha. Kutoka kwangu mpaka kwa mama yako ni karibu, hakuna jasho."

Aliikunja ile fulari mkononi. Kisha akasema, "Nitamuleta mimi mwenyewe. Na nitakaa."

"Saluni ni ya ba-mama, bosi. Utakaa inje, kwenye baraza."

"Nitakaa mlangoni."

Nilirudi Kasongo na seshwari yangu. Nyumbani niliifungua nyuma ili niisafishe, na kwenye kichujio pale inapovutia hewa nikakuta vumbi la Salamabila limejaza, jekundu kama damu ya kuku. Ingeendelea siku moja zaidi namna ile, hewa ingezibwa, waya ungepata moto kupita kiasi na mashine ingeungua mkononi mwangu. Niliipiga burashi mpaka nikaona wavu safi. Kisha nikaenda sokoni, nikamkuta mama wa yule mwanamke kati ya vitambaa vyake.

Nilimwambia yote. Hakulia. Alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama mkate. "Kaka zangu wataenda kumuchukua," alisema.

"Mama, kule kuna watu wake na ukuta. Wangoje aje huku. Kuja saluni asubuhi ile mapema, ukae kwenye kaske ya kukaushia nywele. Ukiwa ndani ya kaske, mutu wa mlangoni hakuoni uso."

Asubuhi ya harusi alikuwepo, mtandio mpana mabegani, kichwa ndani ya kaske kubwa ya kukaushia iliyokuwa haijawashwa, uso kwa ukuta. Nikasikia moto ikisimama. Mume akamfikisha muke mpaka kizingitini, akachungulia, akaona wateja wawili watatu, akavuta benchi na kukaa mlangoni, mgongo kwetu. Pazia letu ni jepesi. Kivuli chake kilikaa juu yake muda wote.

Nilimwosha. Niliwasha seshwari upepo juu, na safari hii umeme ulitosha, moto nikauweka wa kati. Mngurumo ulipojaa chumba, mama akatoka kwenye kaske na kuja nyuma ya kiti. Binti alimwona kwenye kioo. Hawakukumbatiana, kivuli kilikuwa pale. Mama aliinua tu nywele mbichi kwa vidole viwili, akautazama ule utosi. Alitazama mpaka nikaogopa nywele zitakauka.

"Wajomba zako wako nyuma ya nyumba," alimwambia binti sikioni. "Kuna mlango wa nyuma. Twende sasa."

Niliutegemea mpango huo, hata mimi. Lakini binti akatikisa kichwa.

"Nikitoka nyuma, atasema nimekimbia. Atasema niko na mwanaume. Mama yake atamuamini, mji wote utamuamini. Na mutanirudisha, mama. Munajua mutanirudisha."

Mama akaziachia zile nywele.

Binti akaniangalia kwenye kioo. "Yaya, ulinifunika vizuri kule. Unaweza kufanya kinyume?"

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa, na seshwari ikawa nzito.

"Unataka waone?"

"Ba-mama wote. Mama yake kwanza."

Nilitazama kivuli kwenye pazia. Nilifikiri kuhusu watoto wangu na njia yao ya shule, ambayo mtu yule alikuwa ameiulizia akinywa chai. Nitasema bila aibu kwamba nilitamani akubali mlango wa nyuma, mambo yaishe na mimi nibaki koafeze, msusi tu. Mikono ya binti ilikuwa imetulia juu ya mapaja. Siku ile ya Salamabila ilishika kingo za kiti.

Niliipeleka njia ya nywele upande wa kushoto, sawasawa na ukingo wa uwazi. Niliacha burashi ya mviringo, nikachukua ya bapa. Nikageuza mdomo wa mashine utazame chini, hewa itoke juu na kushuka kufuata nywele zinavyoota, ikiibana mizizi kwenye ngozi. Nywele za kulia nikazipeleka kulia, za kushoto kushoto, kila upande ukiukimbia ule uwazi. Nikapitisha moto wa kati mpaka zikakauka, kisha nikabonyeza baridi na kuzikandamiza kwa kiganja mpaka zikapoa zikiwa zimelala. Zililala kabisa, na utosini palibaki peupe, wazi, hakuna unywele hata mmoja wa kusingizia.

"Bado?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

"Tumemaliza, bosi."

Mama alirudi kwenye kaske. Nilimfunga binti fulari ya hariri, nikiilegeza ili isimtoe jasho, kama mtu anayelinda kazi yake. Mume aliingiza kichwa.

"Iko muzuri?"

"Iko vile alivyotaka," nilisema.

Mimi pia nilikuwa na kazi kule harusini, kumtengeneza bibi harusi, kwa hiyo niliwafuata. Wanaume walikaa uani mbele, wanawake tulikuwa sebule ya ndani, milango imefungwa, mapazia yameshushwa, udi umejaa mpaka macho yanawasha. Wanawake walianza kuvua fulari zao, kama desturi, kila mmoja akionyesha mabutu yake, dhahabu yake. Mama wa mume alikuwa ameketi kwenye godoro katikati, mwanamke mzito mwenye macho makali, akisifu na kucheka.

"Na wewe, mukwe wangu," alisema, "tuone zile nywele za kwenu."

Alivua. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama anayetoa heshima, akainamisha kichwa, utosi ukawa mbele ya uso wa yule mama.

Vigelegele vilivyokuwa vinapigwa karibu na dirisha vilikatika kimoja kimoja. Mama mkwe alinyoosha kidole, akagusa. Alipapasa pale kwenye vidoti, pembeni penye nywele zilizokatika. Wanawake wote mle ndani walikuwa wamekaa mbele ya koafeze tangu utoto, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Nani?" mama mkwe aliuliza.

 Kutoka nje, kwa wanaume, ilisikika sauti ya chini ya mume akimtania mtu.

Yule mama mzito akafumba macho. Nilidhani atamfukuza, atamwita mwongo, mwanawe ni mwanawe.  Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuitegemea, sauti iliyochoka, "Kama baba yake." Akaivua leso yake mwenyewe na kumfunika mukwe wake kichwa. "Mutu asitoke. Muniitie kaka yangu. Na muniitie mama wa huyu mutoto."

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya wazee, siku baada ya siku, kwa maneno mengi. Mume alikana. Alisema ni dawa, alisema ni mimi niliyemnyoa. Lakini wanawake walikuwa wameona, na mama yake mwenyewe alikuwa amegusa kwa kidole, na neno hilo halikuvunjika. Binti alibaki kwa mama yake, kisha akapelekwa Kindu kwa ndugu. Nimesikia nywele zimeota pale, fupi, zimesimama zenyewe bila mashine.

Mume alikuja kwangu mara moja, mchana wa mvua, soko likiwa limetawanyika. Aliingia ndani kabisa, viatu vyake vikiacha matope, akaketi kwenye kiti cha wateja akijitazama kwenye kioo. Nilikuwa peke yangu.

"Washa ile mashine," alisema.

Niliwasha. Akaichukua mkononi mwangu, akageuza kitufe cha moto mpaka mwisho, akaelekeza hewa kwenye kiganja chake na kuishikilia pale. Sikuthubutu kusogea. Ngozi ilianza kuwa nyekundu. Hakukunja uso.

"Ulisema upepo mwingi, moto kidogo," alisema. "Nilikuamini. Nilikaa mlangoni nasikiliza, na sikujua upepo unageukia wapi."

"Bosi..."

"Haina neno." Alizima, akaiweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, akafunga waya wake vizuri. "Watoto wako bado wanapitia upande wa misheni?"

Akatoka mvuani bila kungoja jibu.

Nilifunga saluni siku ile ile na kuwahamisha watoto kwa shangazi yao. Nilikaa na mlango umefungwa mpaka yule mama muuza vitambaa alipokuja kuupiga kwa ngumi. Nilimweleza. Hakusema pole. Kesho yake alikuja na kiti chake, akakaa ndani ya saluni yangu akishona, uso kwa mlango. Siku iliyofuata alikuja jirani yake wa sokoni, na baada yake mmoja wa dada za mume yule, ambaye aliketi chini ya kaske bila kuniangalia machoni. Tangu hapo hakuna siku niliyokaa peke yangu. Wanakuja na maharagwe ya kuchambua, na watoto wa kunyonyesha, na hawaombi nivishike vichwa vyao. Moto inayopita polepole mbele ya mlango wanaisikia kabla yangu. Wananyamaza wote kwa pamoja, mpaka ipite.